Mayai Yanaonekana, Sisti Hazionekani: Niliyojifunza Kwenye Konsentresheni ya Choo

Ukikuta daftari la maabara ambalo safu ya konsentresheni, yaani kipimo kinachokusanya vimelea vya choo kingi kwenye mashapo kidogo, ina mayai ya kichocho na safura wiki baada ya wiki, lakini sisti, yale maumbo yenye ukuta ambayo jiadia na amiba hutokea nayo chooni, hakuna hata moja, usiseme haraka kwamba watu wa eneo hilo hawana jiadia wala amiba. Itazame kwanza sentrifuji, mashine inayozungusha tyubu. Hilo nililijua vizuri kwenye kituo kimoja cha afya kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, nilikokwenda kusaidiana na vijana wa maabara. Tangu hapo sijaingia maabara yoyote inayofanya kipimo hiki bila kuuliza mashine yao ina mkono wa urefu gani.

Daftari lao lilikuwa limeandikwa vizuri. Kila sampuli ya choo ilikuwa na majibu mawili: ya slaidi ya moja kwa moja, yaani choo kidogo kwenye maji ya chumvi na kingine kwenye aidini, halafu majibu ya konsentresheni kwa fomalini na etha. Tabibu wa kituo ndiye aliyelalamika. Mtoto anaharisha wiki tatu, choo kinanuka na kina mafuta, slaidi ya moja kwa moja inasema sisti za jiadia, konsentresheni ya choo hichohicho inasema hakuna kilichoonekana. Amwamini nani?

Kwa hesabu, jambo hilo haliwezekani. Kwenye slaidi ya moja kwa moja unapaka choo cha takriban miligramu 2. Kwenye konsentresheni unaanza na gramu 1 hivi, yaani mara 500 ya ile. Kilichoonekana kwenye kile kidogo kinatakiwa kiwe tele kwenye kile kingi. Kikikosekana, basi kimemwagwa mahali fulani kati ya kopo la mgonjwa na slaidi. Kwa hiyo swali likawa kimemwagwa wapi.

Ili kulijibu ni lazima ujue tyubu inafanya nini. Njia hii ilitangazwa na Ritchie, Mmarekani, mwaka 1948, na wengi wetu tunatumia sura yake iliyorahisishwa na Allen na Ridley mwaka 1970. Fomalini inagandisha sisti, mayai na viluwiluwi vya minyoo katika umbo vilivyokuwa nalo, visiharibike wakati unavitikisa. Etha inayeyusha mafuta ya choo na kushikamana na mabaki ya chakula. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, inapanda juu na kuyabeba mabaki hayo. Vimelea haviyeyuki kwenye etha, na ni vizito kidogo kuliko maji ya fomalini, kwa hiyo vinazama. Sentrifuji inaharakisha kuzama huko. Ukiitoa tyubu unakuta matabaka manne: juu etha yenye rangi ya mafuta, chini yake donge la uchafu limekaa kama sahani, kisha maji ya fomalini, na kwenye ncha ya chini kabisa mashapo kidogo. Unachokitafuta kimo kwenye mashapo hayo. Vingine vyote vinamwagwa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kimelea ambacho hakijafika chini kinaondoka pamoja na maji.

Niliwaomba wanifanyie kipimo kama wanavyofanya siku zote, mimi nikatazama bila kusema neno. Kijana aliyekuwa zamu alichota choo cha ukubwa wa punje ya njegere kwa kijiti, akachukua juu, katikati na pembeni. Safi kabisa, maana mayai hayakai sawasawa kwenye choo. Akakivuruga kwenye mililita 4 za maji ya fomalini mpaka mabonge yakaisha, akaongeza mililita 3 nyingine, akatikisa. Maji yenyewe walikuwa wameyachanganya sehemu moja ya fomalini ya chupani kwa sehemu tisa za maji, na hiyo ndiyo asilimia 10 inayotakiwa. Hapa wapo wanaokosea. Fomalini ya chupani ina fomaldehaidi kama asilimia 37 mpaka 40, kwa hiyo mchanganyiko huo unabaki na asilimia 4 hivi. Mtu anayejaribu kufikisha fomaldehaidi asilimia 10 anaishia kuchoma macho yake na ya wenzake bure.

Akachuja. Walikuwa hawana chujio la waya, wakatumia gozi, na gozi ilikunjwa mara nne. Nikaiweka moyoni. Kilichochujwa akakimimina kwenye tyubu yenye kitako chembamba, akaongeza etha mililita 3, akaziba, akashika kizibo kwa kidole gumba na kutikisa kwa nguvu dakika nzima. Akafungua polepole mdomo wa tyubu ukielekea mbali na uso, kwa sababu etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 za selsiasi, na Mwanza mchana chumba hakiko mbali sana na hapo. Ukifungua kwa pupa inaruka. Akasawazisha tyubu mbili zenye ujazo sawa, akaziweka kwenye sentrifuji, akageuza kitufe mpaka 2000, akabonyeza saa papo hapo. Dakika moja ilipolia, akazima.

Ukutani, juu ya mashine, palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa: mizunguko 2000 kwa dakika, dakika moja. Alikuwa ameifuata neno kwa neno.

"Karatasi hii ya mashine hii?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Ya ile kubwa iliyokufa. Hii tuliletewa baadaye, ni mpya kabisa."

Ile kubwa ilikuwa bado kwenye stoo. Tukaifungua kifuniko na kupima kwa rula kutoka katikati ya mhimili mpaka kitako cha tyubu ikiwa imenyooka kama inavyonyooka inapozunguka. Sentimita 16. Ile mpya ya mezani, sentimita 9.

Nguvu inayovuta vimelea chini haitegemei mizunguko peke yake. Inategemea pia urefu wa mkono unaozungusha tyubu, na fomula yake ni hii:

RCF = 1.118 × 10⁻⁵ × r × N²

r ni urefu huo kwa sentimita, N ni mizunguko kwa dakika, na jibu linatoka kwa g, yaani mara ngapi ya uzito wa kawaida. Tukapiga hesabu pamoja kwenye simu ya yule kijana. Mashine ya zamani kwa mizunguko 2000 ilikuwa ikitoa g 716. Mashine mpya, kwa mizunguko ileile 2000, inatoa g 402. Kipimo chetu kwa dakika moja kinataka g 750 hadi 1000. Ile ya zamani ilikuwa karibu kufika. Hii mpya ilikuwa ikifanya nusu ya kazi tu, na nusu hiyo nayo haikuwa kamili, kwa sababu saa ilianza kuhesabu kitufe kilipobonyezwa. Mashine ilichukua sehemu nzuri ya ile dakika kupanda mpaka kwenye mwendo wake.

Kwa nini basi mayai yaliendelea kuonekana? Hili ndilo ningependa kila mwenye kufanya kipimo hiki alielewe, kwa sababu ndilo linalofanya kosa lijifiche. Kasi ya kitu kidogo kuzama kwenye maji inakwenda na mraba wa kipenyo chake. Yai la safura lina upana wa mikromita 40 hivi, na la kichocho cha matumbo lina upana wa 60 na urefu wa 140. Sisti ya jiadia ina urefu wa 8 hadi 12 na ni nyembamba zaidi. Chukulia sisti ya mikromita 10 na yai la 40, uzani wao dhidi ya maji ukiwa sawa: yai linazama mara 16 haraka kuliko sisti. Kwa hiyo sentrifuji dhaifu inafikisha mayai chini vizuri kabisa na kuziacha sisti zikielea njiani, kisha mkono unazimwaga. Maabara inaona mayai, inaridhika kwamba kipimo kinafanya kazi, na hakuna anayestuka. Mayai mwenye kusoma slaidi huyaona. Sisti zilizopotea hazina wa kuzililia.

Hesabu peke yake haikunitosha, nikataka tuione kwa macho. Tukachukua choo cha yule mtoto, kilichobaki kikiwa kimehifadhiwa kwenye fomalini, tukakipitisha kwa njia yao ya kawaida. Baada ya sentrifuji tukazungusha kijiti pembeni kulegeza donge la uchafu, tukaliondoa pamoja na etha, halafu badala ya kumwaga maji ya fomalini tukayavuta kwa pipeti na kuyaweka kwenye tyubu nyingine. Mashapo yao tukayatazama kwanza: kwenye slaidi nzima sisti tatu, na moja kati ya hizo tulibishana nayo. Kisha yale maji ya kumwaga tukayazungusha peke yake kwa mizunguko 3000, dakika mbili kamili tangu mashine ilipofika mwendo. Kwa r ya 9 hiyo ni g 906. Kitako cha tyubu kilipata ukungu mdogo wa kijivu. Tone moja, aidini pembeni ya kifuniko, lenzi ya 40, na sisti za jiadia zikawa zinaonekana karibu kila uwanja, zenye umbo la yai jembamba, nyuzi zake ndani na ukuta ulioachana kidogo na mwili. Yule kijana alisogeza slaidi kimya, kisha akamwita mwenzake aje aone.

Tukaifuta karatasi ya ukutani na kuandika nyingine. Kwa mashine yao, g 750 ni mizunguko kama 2730 na g 1000 ni kama 3150, kwa hiyo tukaandika 3000, dakika moja kuanzia mshale unapofika kwenye 3000, na iachwe isimame yenyewe. Kuisimamisha kwa mkono au kwa breki kali kunatikisa mashapo na kuyarudisha kwenye maji. Tukaongeza mstari mmoja: r = sentimita 9, ili siku mashine itakapobadilishwa, anayesoma ajue namba hiyo ilitoka wapi. Wala usifikiri dawa ni kuongeza nguvu na muda bila kikomo. Ukizungusha kupita kiasi, uchafu ambao etha ilikuwa imeuinua unashuka nao, mashapo yanajaa, na unarudi kutafuta sisti ndani ya takataka.

Baada ya hapo nikarudi kwenye ile gozi. Tuliisuuza ile iliyotumika kwenye maji ya fomalini, tukazungusha maji ya kusuuzia, na ndani yake tukakuta mayai ya kichocho yenye mwiba wake wa pembeni. Si mengi, ila hapa uchache ndio tatizo. Chukua mvuvi ambaye kwa Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai kwenye choo, ameonekana na mayai mawili. Kato-Katz inatumia choo cha miligramu 41.7, kwa hiyo unazidisha kwa 24: ana mayai 48 kwa gramu. Slaidi ya moja kwa moja ya miligramu 2 itakuwa na yai moja katika kila slaidi kumi hivi, kwa hiyo mara nyingi itasema hana. Konsentresheni ndiyo inayotakiwa kumkamata, nayo ina mayai 48 tu ya kuanzia. Gozi ya matabaka manne ikizuia kadhaa, mashapo yakigawanywa na ukatazama tone moja tu, unaweza kumkosa hata kwa njia nzuri. Matabaka mawili yanatosha, na iloweshwe kwanza ili isinyonye. Bora zaidi ni chujio la waya lenye matundu ya mikromita 400 hadi 450, linalooshwa na kurudi kazini. Na kwa mtu wa ziwani mwenye dalili, mashapo yote yasomwe, hata yakihitaji slaidi mbili au tatu.

Hatua nyingine niliyoisimamia sana ni kumwaga. Nimeona watu wazoefu wakiinamisha tyubu, wakasita donge lilipokwama, wakairudisha wima, wakajaribu tena. Maji yanayorudi yanachota mashapo, na unapomwaga mara ya pili unayamwaga hayo. Legeza donge kwanza kwa kijiti pande zote mpaka liwe huru. Kisha pindua tyubu mara moja, mdomo chini kabisa, bila kusita. Ikiwa bado imepinduliwa, pangusa kuta za ndani kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, ili mabaki ya donge na mafuta yasiteremke unapoisimamisha. Ndipo uiweke wima, uache matone machache yaliyobaki yatelemke, na ugonge kitako kwa kidole kuchanganya. Mashapo yakiwa mengi, tuseme yanakaribia mililita nzima, ni ishara kwamba choo kilikuwa kingi mno au hukutikisa vya kutosha na etha, na kusoma slaidi ya namna hiyo ni kujisumbua. Rudia kwa choo kidogo.

Kuhusu etha yenyewe nina msimamo mmoja: mahali penye umeme wa kubabaisha na taa za spiriti, iachwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa juu ya meza na sakafuni mpaka uufikie moto ulio mbali, na unashika hata kwenye baridi kali chini ya sifuri. Chupa iliyofunguliwa siku nyingi hujenga peroksaidi zinazoweza kulipuka. Ethili asetati inafanya kazi ileile kwa kiasi kilekile na huchemka kwenye nyuzi 77. Nayo inawaka, usije ukadhani ni maji, lakini haina wepesi ule wa etha. Kasoro yake ni kwamba matone yake hubaki kwenye kuta za tyubu yakashuka kwenye mashapo, na kwenye hadubini yanakuwa viduara vinavyong'aa vya ukubwa mbalimbali. Mgeni anaweza kuviita sisti. Ile pamba ya kupangusa ndiyo inayoviondoa. Ukibaki na shaka, kumbuka kwamba tone la mafuta halina viini ndani hata ukicheza na lenzi namna gani, na aidini haiingii ndani yake.

Usomaji nao una mtego wake. Anza na lenzi ya 10, mwanga ukiwa umepunguzwa kwa kufunga kiwambo cha kondensa, maana mwanga mwingi unafuta kingo za vitu visivyo na rangi. Pita slaidi yote kutafuta mayai na viluwiluwi, halafu lenzi ya 40 kwa sisti, kisha aidini. Entamiba koli iliyokomaa ina viini vinane na kwa kawaida inazidi mikromita 15. Entamiba histolitika ina vinne na haizidi 15 hivi, na hata ukiviona vinne hivyo huwezi kuitofautisha na Entamiba dispari isiyodhuru, kwa hiyo andika majina yote mawili. Kwenye majibu yao wale vijana walikuwa wakiandika "amiba" tu, na neno hilo peke yake limewanywesha watu wengi metronidazoli wasiyoihitaji.

Kuna vitu konsentresheni haitakupa hata ikifanywa vizuri, na tabibu lazima aambiwe. Trofozoiti, zile amiba na jiadia zinazotembea, etha inaziharibu. Choo chenye damu au chepesi kitazamwe kwanza moja kwa moja kwenye maji ya chumvi ndani ya nusu saa, kabla fomalini haijakigusa. Viluwiluwi vya strongiloide vinauawa, kwa hiyo havichezi tena mbele ya macho yako na ni rahisi kuvipita; anayevishuku kwa mgonjwa atumie choo kibichi na njia ya Baamani, ambayo inavingoja vitoke vyenyewe. Idadi ya mayai kwa gramu haitoki hapa, kazi hiyo ni ya Kato-Katz. Na yai la kichocho lililopita kwenye fomalini halikuambii kama lilikuwa hai, kwa hiyo mgonjwa aliyemeza prazikwanteli majuma machache yaliyopita akionekana na mayai, usiandike kwamba dawa imeshindwa.

Jambo dogo la usalama: fomalini haiui kila kitu upesi. Mayai ya askaris yanaweza kuendelea kukua ndani yake. Glavu hazivuliwi kwa kuwa "tayari kimegandishwa."

Kile choo cha mtoto tulikigawa kwenye vichupa vyenye maji ya fomalini pamoja na choo kingine chenye mayai ya safura, tukaviandika tarehe na kilichomo, tukaviweka kabatini. Sampuli za namna hii zinakaa miezi mingi bila kuharibika. Wakifungua kopo jipya la kemikali, mashine ikitoka kwa fundi, au akija mtu mpya, kichupa kimoja kinapitishwa hatua zote kama sampuli ya mgonjwa, na matokeo yanaandikwa kwenye daftari lilelile: mayai ya safura, ndiyo au hapana; sisti za jiadia, ndiyo au hapana. Mayai yakiwa ndiyo na sisti hapana, kazi inasimama na wanakwenda kwenye sentrifuji. Vyote viwili vikiwa hapana, waanzie kwenye gozi na namna ya kumwaga.